Makosa sita bila mstari mwekundu

Tangazo lifuatalo ni la kubuni, lakini hakuna kosa ndani yake ambalo halijawahi kubandikwa kwenye mlango wa ofisi fulani ya Tanzania. Tuseme limechapwa kwa ajili ya wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, huko Naipingo, kata ya wilaya ya Nachingwea mkoani Lindi, katika majira ambayo korosho zimeshaanza kuingia ghalani:

"Mkutano mkuu utafanyika mahari pa mnada saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi atadhuru ghala, atakagua dhana za kilimo, kisha ataeleza samani ya korosho msimu huu. Mwisho, kila mwanachama ambaye ana deni atapiga kula kuchagua bodi."

Karani aliyekusudia kuandika vizuri alitaka kusema mahali pa mnada, atazuru ghala, zana za kilimo, thamani ya korosho, mwanachama ambaye hana deni, na kupiga kura. Amekosea mara sita. Tangazo likipitishwa kwenye kompyuta yenye orodha nzuri ya maneno ya Kiswahili, mstari mwekundu hautatokea hata mara moja, kwa sababu mahari, dhuru, dhana, samani, ana na kula ni maneno halali ya Kiswahili sanifu, kila moja na maana yake. Mahari hulipwa kwa wazazi wa binti. Kudhuru ni kuumiza au kuharibu. Dhana ni wazo, samani ni viti, meza na makabati, na kula kila mtu anakujua.

Waandishi wa Kiingereza wana ugonjwa huohuo na wameupigia kelele kwa miaka mingi. Wao hulalamika juu ya "than" na "then", moja likitumika kulinganisha na jingine likimaanisha halafu, na juu ya "lose" na "loose", yaani kupoteza na kulegea. Kwa "than" na "then" kosa lina historia ndefu: hapo kale lilikuwa neno moja, na mgawanyo wa tahajia ulikuja kutulia kwenye karne ya 17 na ya 18. Mwanafunzi wa sekondari wa Nachingwea au Ruangwa anayafikia maneno hayo akiwa na mzigo wa ziada. Kiswahili kina irabu tano tu, na irabu ya "than" haimo kati yake, hivyo mdomoni mwake "than" na "then" hukaribiana mno, na mkono hufuata mdomo. Kwa "lose" na "loose" mtego umo katika tahajia yenyewe: neno lenye o mbili huishia na sauti ya s, na lenye o moja huishia na sauti ya z, na hakuna kanuni ya kusoma inayomwambia mtu hivyo. Barua ya kuomba kazi yenye "loose" mahali pa "lose" hutoka steshenari ikiwa safi kabisa machoni pa mashine.

Kiingereza kina watu wengi wa kukipigania. Kiswahili kina mtego wake, na umepangwa kwa namna tofauti, kwa hiyo inafaa uchunguzwe kwa sheria za Kiswahili chenyewe.

Kwanza, mashine inafanya nini hasa inapokagua? Programu za mwanzo, kama ile aliyoiandika Douglas McIlroy katika maabara za Bell huko Marekani miaka ya 1970, zilikuwa na kazi moja: kuchukua kila neno la maandishi na kuuliza kama limo katika orodha. Lililomo linapita, lisilomo linapigwa mstari. Programu nyingi za leo bado zinaanzia hapo. Haziulizi neno linafanya nini ndani ya sentensi. Kwa Kiswahili, safari hiyo ilipata msukumo mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo anayetumia LibreOffice anaweza kuwasha orodha ya Kiswahili inayotambulishwa kwa alama `sw_TZ`. Asiyeiwasha anabaki na hali inayojulikana sana katika ofisi zetu: kompyuta inadhani anaandika Kiingereza, ukurasa mzima unajaa wekundu isipokuwa maneno machache kama wake, mate na pole, ambayo kwa bahati yanafanana na ya Kiingereza. Baada ya wiki moja jicho huacha kabisa kuuona wekundu huo.

Mtu angedhani kwamba dawa ni kuongeza maneno kwenye orodha. Ukweli ni kinyume, na hili lilionyeshwa mapema. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta James Peterson alichapisha makala fupi iliyouliza ni makosa mangapi ya uchapaji wa Kiingereza yanayozaa neno jingine la kweli. Jibu lilitegemea ukubwa wa orodha. Orodha ndogo iliacha makosa kama 2 tu kati ya 100 yapenye. Ilipofika maneno 350,000, yaliyopenya yalikaribia 16 kati ya 100. Kila neno adimu unaloongeza linageuka kichaka cha kosa la neno la kawaida.

Kiswahili kinatoa mifano ya wazi. Mbari ni ukoo, neno zuri ambalo mwandishi wa historia atalihitaji mara moja kwa mwaka. Mbali huandikwa kila siku. Mtunza orodha akiingiza mbari kwa heshima ya mwanahistoria, kila anayeandika "kijiji kiko mbari na barabara" anapita bila kuguswa. Kauri, aina ya kombe la baharini, inafanya vivyo hivyo kwa kauli. Hari, yaani joto au jasho, inaifunika hali. Mtunza orodha mwenye busara hulazimika kuamua ni nani amkwaze: mwanahistoria mmoja, au maelfu ya makarani.

Makosa haya hayasababishwi na uzembe. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioichagua lahaja hiyo, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaisimamia tahajia yake. Kiunguja kinatenganisha l na r bila taabu, na kwa sababu ya mikopo mingi kutoka Kiarabu kina pia dh, th na gh. Sasa mchukue mtu aliyelelewa katika Kimwera, Kimakonde au Kiyao, lugha tatu zinazosikika kila siku kati ya Nachingwea na Ruangwa. Lugha hizo hazitumii l na r kutofautisha maana. Zina sauti moja ya aina hiyo, na kama ulimi utaitoa kwa namna hii au ile, neno halibadiliki. Dh na th za Kiarabu nazo ni ngeni kwake, kwa hiyo masikio huzipeleka kwa jirani wa karibu: dh kwa z, th kwa s. Ndiyo asili ya samani kuchukua nafasi ya thamani, na ya zana na dhana kuchanganywa.

Watu wa kusini hawako peke yao. Kisukuma kina l lakini hakina r, Kikikuyu cha Kenya kina r lakini hakina l, na kila mmoja huingia katika Kiswahili kwa mlango wake. Anayeandika kula mahali pa kura na anayeandika kura mahali pa kula wanafanya kosa moja kutoka pande mbili.

Kosa lina tabia nyingine inayolichanganya zaidi: haliendi upande mmoja. Mtu aliyeambiwa tangu darasa la pili kwamba anachanganya z na dh huanza kuogopa z, na akikutana na neno asilolijua vizuri huweka dh ili awe salama. Kwa njia hiyo zuru inakuwa dhuru, ingawa mwandishi anaweza kabisa kuitamka z. Vivyo hivyo aliyekemewa kwa kudondosha h huanza kuipachika isipotakiwa, na hapo tunapata "haina ya mbegu" badala ya aina ya mbegu. Kwa kuwa haina ni neno halali, nalo linapita.

Turudi kwenye tangazo tuyapime makosa sita moja moja, kwa sababu uzito wake haulingani. Kuna linaloweza kunaswa na sarufi peke yake, na kuna lisiloweza kunaswa na kitu chochote kilichomo ndani ya sentensi.

Jepesi kuliko yote ni "mahari pa mnada". Kiswahili kina ngeli, na ngeli husema hata pale herufi zinaponyamaza. Mahali huchukua pa: mahali pa mnada, mahali penye kivuli, mahali palipofungwa. Mahari haichukui pa hata siku moja. Kwa hiyo mashine iliyofundishwa jambo hili moja tu ingepaza sauti bila hata kujua mahari ni nini. Fahali na fahari huachana kwa njia hiyohiyo: fahali ni mnyama, husema "fahali huyu amepotea", na fahari husema "fahari hii imepotea". Hapa Kiswahili kimekipita Kiingereza mbali. Mwingereza hana ngeli ya kumwambia kwamba "loose" imekaa pasipo pake. Mswahili ana kiambishi karibu katika kila neno linalofuata.

Ulinzi huo unaanza kulegea kwenye kura. Tangazo lingesema "kula zote zimehesabiwa", z ya zote ingetosha kulifichua, kwa sababu kula ni kitenzi-jina na upatanisho wake ni ku: kula kwingi, kula kumekwisha. Lakini tangazo limesema "atapiga kula", na baada ya neno hilo hakuna kivumishi wala kitenzi cha kulipatanisha. Tunabaki na ujuzi wa aina nyingine, kwamba kitenzi piga katika Kiswahili kina marafiki wanaojulikana: kura, simu, picha, pasi, hodi, mbio. Kula si mmoja wao. Aliyewahi kusoma Kiswahili kingi analijua hilo bila kufundishwa, na mashine inaweza kulijua kwa kuhesabu ni maneno gani huandamana mara nyingi.

Zana na dhana ni hatua nyingine ya ugumu. Zote zimo katika ngeli moja, zote husema za: zana za kilimo, dhana za kilimo. Tena "dhana za kilimo" si maneno matupu. Mwalimu wa Chuo cha Ualimu Nachingwea anaweza kuyaandika ubaoni kama kichwa cha somo na asikosee. Kinachofichua kosa ni kitenzi "atakagua", kwa sababu mtu hukagua majembe na mashine za kupulizia dawa ya mikorosho, hakagui mawazo. Lakini angeandika "ataeleza dhana za kilimo", hakuna msomaji ambaye angekuwa na haki ya kusema kosa liko wapi. Samani na thamani nazo ziko ngeli moja, ila hapa korosho zinatusaidia: zao halina viti wala makabati. Wapo pia wanaoandika zamani pale palipohitaji thamani, na hapo maneno matatu halali yanazunguka sauti moja.

Kalamu na karamu ni ndugu wa kundi hili. "Kalamu ya harusi" na "karamu ya harusi" zinapatana kisarufi herufi kwa herufi.

Zuru na dhuru zina ubaya wa aina yake, kwa sababu ni vitenzi. Jina likikosewa linakosewa katika umbo moja au mawili. Kitenzi cha Kiswahili huvaa viambishi vya nafsi, wakati, mtendwa na kauli, na kila vazi linalomfaa mmoja linamfaa mwenzake: amezuru na amedhuru, watakaozuru na watakaodhuru, kilichozuriwa na kilichodhuriwa. Kwa hiyo jozi moja ya mizizi inazaa mamia ya jozi za maneno kamili, zote halali, zote zikipita bila alama. Halafu maana zinagongana kwa kiwango cha kutisha. "Mheshimiwa amedhuru wananchi wa Ruangwa" ni habari ya hospitali na polisi, ilhali mwandishi alitaka kuripoti ziara.

Na kuna ana.

"Kila mwanachama ambaye ana deni atapiga kura" na "kila mwanachama ambaye hana deni atapiga kura" ni sentensi mbili zenye sarufi sawa, upatanisho sawa na maneno jirani yaleyale. Hakuna neno lolote ndani yake linaloelekeza upande mmoja. Mwanasarufi bora wa Baraza la Kiswahili la Taifa akipewa sentensi hiyo peke yake hawezi kusema ipi ilikusudiwa. Jibu limo katika masharti ya chama yaliyofungiwa kabatini, yanayosema nani ana haki ya kupiga kura. Herufi moja, h, ambayo watu wengi hawaitamki kwa nguvu, imegeuza haki ya nusu ya ukumbi.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hatari ya h haijasambaa sawasawa katika lugha, na kuijua ilipo ni nusu ya kazi. Kiswahili kimejikinga vizuri katika ukanushi wa wakati uliopo. "Analipa" hukanushwa kwa "halipi": kiambishi na kimeondoka, irabu ya mwisho imegeuka i. Mtu akidondosha h anapata "alipi", ambalo si neno, na mstari mwekundu unatokea. Wakati uliopita umejikinga zaidi: alilipa, hakulipa. Hali timilifu pia: amelipa, hajalipa. Katika yote hayo herufi moja haitoshi kugeuza ndiyo kuwa siyo.

Ulinzi unavunjika mahali pawili. Pa kwanza ni kitenzi kifupi cha kumiliki, ana na hana, una na huna. Pa pili ni wakati ujao katika nafsi ya pili na ya tatu umoja: atalipwa na hatalipwa, utapokea na hutapokea. Hapo irabu ya mwisho haibadiliki, ta inabaki, na mzigo wote wa ukanushi unabebwa na h peke yake. Wingi uko salama kidogo, maana "watalipwa" na "hawatalipwa" hutofautiana kwa silabi nzima, na silabi nzima si rahisi kuiangusha bila kusikia. Kwa bahati mbaya, matangazo, mikataba na masharti ya vyama hupenda sana nafsi ya tatu umoja na wakati ujao: mwanachama atafanya hivi, mwanachama hatafanya vile. Maandishi yenye uzito mkubwa zaidi kisheria ndiyo yanayokaa juu ya sehemu dhaifu zaidi ya sarufi.

Waliotengeneza programu za Kiingereza walijaribu njia ya kupanga maneno yanayochanganywa katika mafungu, kisha kuifundisha mashine kutazama majirani wa neno kabla ya kuamua lipi linafaa. Andrew Golding alifanya kazi hiyo miaka ya 1990, na fungu la "than" na "then" lilikuwamo katika orodha yake. Microsoft iliingiza ukaguzi wa namna hiyo katika Word ya 2007, kwa mstari wa buluu, ukianzia na Kiingereza, Kijerumani na Kihispania. Haja ilikuwa kubwa: mtafiti wa Uingereza Roger Mitton alipochambua insha 925 za wanafunzi wa sekondari mwaka 1987, alikuta kwamba kati ya makosa 4,218 ya tahajia, asilimia 40 yalikuwa maneno ya kweli yaliyokaa pasipo pake. Mashine ya kutazama orodha tu isingeyagusa.

Kwa Kiswahili, karani hahitaji kungoja kampuni yoyote. Sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa kwa kisanduku cha kutafuta kilichomo katika LibreOffice, ukikifungua kwa `Ctrl+H` na kuwasha chaguo la mifumo ya herufi. Mistari miwili ifuatayo inatosha kwa kuanzia:

```
pig\w+ kula
\bmahari p(a|enye|o)\b
```

Wa kwanza unakamata piga, kupiga, walipiga au watapigia likifuatwa na kula. Wa pili unakamata mahari likifuatwa na pa, penye au po, na umebanwa hivyo kwa makusudi. Ungeandikwa kwa p peke yake, ungekamata pia "mahari pamoja na gharama za harusi", sentensi isiyo na kosa lolote. Karani anayeandika zaidi mambo ya kilimo anaweza kuongeza dhana, samani na dhuru kama maneno ya kutafutwa bila sharti lolote, kwa sababu katika barua zake maneno hayo ni adimu kiasi kwamba kila linapoonekana linastahili kutazamwa. Katika ofisi ya elimu orodha ingekuwa tofauti: dhana ingetoka, kalamu na karamu zingeingia. Orodha ya ofisi moja haifai kwa nyingine, na jambo hilo linaifanya iwe fupi na yenye nguvu.

Walimu wengi hushauri kusoma kwa sauti kabla ya kuchapa. Kwa makosa ya aina nyingine ushauri huo ni mzuri. Kwa haya una kikomo, kwa sababu kama mwandishi hatofautishi l na r mdomoni, sauti yake itapitisha kula na kura kwa usawa uleule ambao mkono wake ulizipitisha. Kinachofaa zaidi ni kumpa asome mtu aliyekulia katika lugha nyingine. Mtu wa Pwani au Unguja aliyehamishiwa Nachingwea kikazi huiona mahari papo hapo, hata kama hajui lolote juu ya korosho. Na kama hakuna wa kusaidia, kusoma tangazo kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, hulazimisha jicho litazame herufi badala ya maana. Lakini njia hiyo nayo haitaiona ana, kwa kuwa ana ni sahihi kwa kila namna isipokuwa nia.

Kwa ana na hana dawa ni kuandika upya. Lugha ina namna ndefu ya kukanusha ambayo haiwezi kugeuzwa na herufi moja. "Mwanachama ambaye hana deni" inaweza kuwa "mwanachama asiye na deni", au "asiyedaiwa". Ukidondosha herufi yoyote katika asiyedaiwa hupati "anayedaiwa"; unapata neno lililovunjika ambalo mashine italipigia mstari. "Hatalipwa" inaweza kuwa "hakuna malipo atakayopewa". Sentensi inarefuka kidogo, na kwa masharti ya chama urefu huo hauna hasara. Waandishi wa mikataba wangefanya vyema kuondoa "hana" na "hata-" za umoja kila zinapobeba haki ya mtu.

Yanabaki majina, na kwa majina mambo yamegeuka. Neno la kawaida hupita likiwa na kosa. Jina la mahali hupigwa mstari likiwa sahihi, kwa sababu halimo katika orodha. Karani akichoka huamrisha mashine ilipokee jina hilo, na akiwa ameliandika vibaya siku hiyo, kosa linahalalishwa kwa miaka. Eneo hili ni gumu hasa. Wilaya ya Nachingwea ina kata ya Naipingo na ina kata ya Naipanga, zikitofautiana kwa irabu mbili. Wilaya ya Ruangwa ina kata inayoitwa Nachingwea, na ina Mandawa na Mandarawe. Suala la r na l nalo limeingia katika ramani: tunaandika Ruponda lakini Luchelegwa, Ruangwa lakini Lionja, na mto mmoja utauona ukiandikwa Mbwemkuru katika hati hii na Mbwemkulu katika ile. Narung'ombe hupoteza kibainishi chake mara nyingi, na hapo ng' ya ng'ombe inageuka ng ya ngoma.

Majina ya watu yana tatizo hilohilo, na hapo fedha huguswa moja kwa moja, kwa kuwa malipo ya korosho hupitia akaunti za benki na jina la mkulima katika orodha ya chama linapaswa kulingana na la benki. Selemani wa orodha hii na Seremani wa orodha ile ni mtu mmoja kwa jirani zake na ni watu wawili kwa kompyuta. Hakuna ukaguzi wa tahajia unaoweza kuamua ipi sahihi, kwa sababu tahajia sahihi ya jina ni ile iliyo kwenye kitambulisho cha mwenye nalo. Kazi hiyo hufanywa kwa kuweka kitambulisho na orodha mezani pamoja, mkulima akiwapo, herufi kwa herufi, kabla mnada wa kwanza wa msimu haujafunguliwa.